Uzito Mkavu: Mashine ya Kusafisha Damu na Mizani ya Mgonjwa wa Figo

Figo mbili za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku na kuyarudisha karibu yote kwenye damu. Kinachotoka kama mkojo ni lita moja hadi mbili tu. Kazi hiyo hufanywa na vichujio vidogo sana, kiasi cha milioni moja katika kila figo. Kisukari na shinikizo la damu la miaka mingi huviua taratibu, na vikishakufa havifufuki. Vinavyobaki hubeba mzigo wa vilivyokufa, ndiyo maana mgonjwa huweza kukaa muda mrefu bila dalili ya maana. Uwezo wa figo ukishuka chini ya asilimia 15, miguu huvimba, hamu ya chakula hutoweka, ngozi huwasha na pumzi hubana akilala chali. Ndugu wengi hushangaa kuambiwa figo zimefeli ilhali mgonjwa bado anakojoa. Mkojo unaweza kuwepo, ila uchafu uliopaswa kutoka nao umebaki kwenye damu.

Ili mashine ifanye kazi, inahitaji mshipa unaotoa damu kwa kasi. Daktari wa upasuaji huunganisha ateri na vena chini ya ngozi ya mkono, na baada ya wiki sita au zaidi vena hiyo hupanuka na kuweza kuchomwa sindano mbili nene, moja ya kutolea damu na nyingine ya kurudishia. Muunganiko huo huitwa fistula. Mkono wenye fistula haupimwi presha wala kutolewa damu ya vipimo. Kila siku mgonjwa huweka vidole juu yake kuhisi mtetemo. Ukitoweka, huenda mshipa umeziba, na hospitali huendewa siku hiyohiyo.

Ndani ya mashine, damu hupita kwenye chujio lenye maelfu ya vijibomba vyembamba kama unywele. Nje ya vijibomba hivyo hupita maji safi yenye chumvi zilizopimwa. Urea, kreatinini na potasiamu iliyozidi hupenya kuta na kuondoka na maji hayo, huku chembe za damu, ambazo ni kubwa mno, zikibaki ndani. Hofu kwamba damu yote hutolewa mwilini haina msingi: wakati wowote, iliyo nje ni takriban robo lita au pungufu. Kwa kawaida kila kikao huchukua saa nne, mara tatu kwa wiki.

Sehemu ya barua ya muuguzi ambayo familia inahitaji kuielewa zaidi ni ile ya uzito mkavu, yaani uzito wa mgonjwa akiwa hana maji ya ziada mwilini. Tuseme uzito huo ni kilo 60. Akija Jumatano akiwa na kilo 62.5, zile kilo mbili na nusu si unene. Ni lita mbili na nusu za maji, na mashine huzivuta kwa mwendo wa mililita 625 kwa saa. Wataalamu wengi hawapendi kuvuka mililita 13 kwa saa kwa kila kilo ya uzito, ambayo kwake ni 780. Akija na kilo 64.5, kutoa yote kwa saa nne kungedai mililita 1,125 kwa saa. Maji yangetoka kwenye damu haraka kuliko yale ya miguuni yanavyoweza kurudi kuijaza, presha ingeporomoka, misuli ya miguu ingekaza na mgonjwa angeweza kuzimia. Hapo kikao hurefushwa au maji mengine huachwa hadi siku inayofuata.

Kumnyima maji pekee hakusaidii sana ikiwa chakula kina chumvi nyingi, kwa sababu chumvi ndiyo inayoleta kiu. Dagaa wa chumvi na supu za pakiti ndizo za kupunguza kwanza. Potasiamu nayo haionekani kwenye mizani: dafu, ndizi na viazi vina nyingi, na ikizidi husimamisha moyo, wakati mwingine bila onyo. Hatari huwa kubwa zaidi mwishoni mwa pengo la siku mbili bila mashine, kama Jumapili usiku kwa anayesafishwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Mashine haitibu figo. Haitengenezi hata ile homoni inayouamsha uboho utoe damu, hivyo wagonjwa wengi huchomwa sindano yake. Figo zilizofeli ghafla, kwa mfano kutokana na malaria kali au kuishiwa maji kwa kuharisha, huweza kupona baada ya wiki kadhaa na mashine ikaachwa. Zilizokufa kwa kisukari au presha hazirudi, na mgonjwa huendelea na vikao hadi apandikizwe figo nyingine, au maisha yake yote.