Vipande Sita, Shuka Moja

Mwaka jana nilinunua seti ya mashuka iliyoandikwa "vipande 6, pamba, 1000TC, 5x6". Kufika nyumbani nafungua, nakuta shuka moja, kava la duveti na foronya nne. Ni sita kweli, lakini shuka la kujifunika halimo, na duveti lenyewe sina. Muuzaji hakunidanganya. Mimi ndiye sikuuliza sita hizo ni zipi.

Mbaya zaidi ni hiyo 5x6, kwa kuwa huo ni ukubwa wa kitanda, si wa shuka. Godoro la futi tano kwa sita lina inchi 60 kwa 72. La kwangu lina unene wa inchi 8, kwa hiyo ili shuka lishuke pande zote linahitaji inchi 76 kwa 88, kabla hata ya kulichomeka chini. Nilipolipima lilikuwa futi saba kwa nane, yaani inchi 84 kwa 96. Zinabaki inchi nne tu za kuchomeka kila upande. Pamba nayo hurudi ikifuliwa, na ikirudi hata asilimia tano, hizo nne zinakuwa mbili au chini yake. Ukijigeuza usiku, shuka limechomoka. Mwenye godoro la inchi 12 asijaribu kabisa. Atafute la lastiki, na aulize lastiki hiyo inavaa godoro la unene gani.

Hiyo 1000TC ni idadi ya nyuzi katika inchi moja ya mraba, mtande na mshindio vikijumlishwa. Nyuzi 100 kwenda na 100 kukatiza ni 200, na shuka la pamba la kati ya 200 na 400 ni zuri, linapitisha hewa. Kuna kikomo cha nyuzi zinazoweza kubanwa hapo. Elfu hupatikana kwa ujanja: uzi mmoja uliosokotwa kwa nyuzi nne nyembamba unahesabiwa mara nne, na 250 inageuka 1000. Kitambaa kinakuwa kizito, na joto la Dar es Salaam unalijua.

Pengine hata si pamba. Chomoa uzi kwenye pindo, uushike kwa koleo, uuchome juu ya sahani. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Polista huyeyuka, ikajikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi. Mchanganyiko wa viwili hivyo huacha punje punje ndani ya majivu. Wa kwangu uliacha punje.

Ukienda dukani, chukua futi ya fundi cherehani, na mwombe muuzaji afungue mfuko uhesabu vipande mbele yake. Akikataa, nenda duka la pili.