Kinanda Kizima, Lakini Kizima Vipi?

"Kinauzwa kinanda, bado kizima." Matangazo mengi ya vinanda vilivyotumika huishia hapo, na picha moja iliyopigwa kwa mbali. Mwalimu wa kwaya aliyeko Dar es Salaam hawezi kupanda basi hadi Morogoro kwa maneno hayo, na ana haki ya kusita.

Tuchukue Yamaha PSR-E373, yenye vitufe 61. Chini ya kila kitufe kuna mpira wenye vidoa viwili vya kaboni vinavyogusa bodi kimoja baada ya kingine. Kinanda hupima muda kati ya miguso hiyo miwili. Ukiwa mfupi, kinaelewa kwamba mpigaji amebonyeza kwa nguvu, nacho hutoa sauti kubwa. Vumbi likipenya humo, kitufe huwa bubu, au hupayuka hata kikiguswa taratibu. Kwa nje hakuna kinachoonekana, na picha kumi zisingesaidia.

Kabla ya kuandika tangazo, basi, muuzaji achague sauti ya piano tupu, azime mdundo, kisha abonyeze vitufe vyote kuanzia kushoto, vyeupe na vyeusi, mara ya kwanza kwa wepesi, mara ya pili kwa nguvu. Azungushe pia kitasa cha sauti polepole; kikikwaruza, aandike hivyo.

Tangazo lake linaweza kusomeka hivi:

"Yamaha PSR-E373, vitufe 61. Vitufe 60 vinaitika vizuri. Fa ya tatu kutoka kushoto haitoi sauti ikibonyezwa taratibu. Kwa nguvu inalia. Kuna mikwaruzo upande wa kulia, na kifuniko cha betri kimepotea. Kinakuja na adapta yake na kishikio cha nota. Stendi na pedali havimo. Ukihitaji, nitakutumia sauti fupi."

Mikwaruzo na ile Fa havina uzito sawa. Mikwaruzo inapunguza bei kidogo tu, lakini Fa inamlazimu mnunuzi kutafuta fundi wa kufungua kinanda na kusafisha miguso, au kubadilisha mpira.

Sauti fupi nayo ina namna yake. Wimbo wenye ngoma na besi unapendeza, ila unaficha kasoro, na mpigaji anayekijua kinanda chake hukwepa kitufe kibovu bila hata kufikiri. Afadhali dakika moja ya vitufe vyote kwa mfuatano, simu ikiwa karibu na spika, na video ionyeshe vidole ili mnunuzi aone kitufe gani kinabonyezwa. Ile Fa isirukwe.

Adapta ipigwe picha upande wenye maandishi. PSR-E373 hutumia volti 12, na adapta ya kuokoteza inaweza kuwa na volti nyingine, au chanya na hasi zimegeuzwa hata kama plagi inaingia vizuri. Kama adapta ya asili haipo, tangazo liseme hivyo, na muuzaji akiwashe kwa betri sita za AA anaporekodi.