Barua kwa mama mwenye nyumba wa Bologna

Tumwite Neema. Amepata nafasi ya shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Bologna, masomo yanaanza Oktoba, naye bado yuko Morogoro. Mtandaoni ameona tangazo la chumba cha mtu mmoja mtaa wa Bolognina, nyuma ya stesheni ya treni, na chini yake jina la mwenye nyumba: Maria Rossi. (Rossi kwa Waitalia ni kama Juma kwetu, jina la mfano.) Neema amesoma Kiitaliano miezi minane. Anaandika hivi:

*Ciao Maria, voglio affittare la tua camera. Quanto costa? Rispondi presto.*

Kisarufi hakuna kosa. Ila mama wa miaka sitini akiisoma atasikia hivi: "Mambo Maria, nataka kupanga chumba chako. Bei gani? Jibu haraka." Huenda asijibu kabisa.

*Ciao* ni salamu ya marafiki na ndugu. *Voglio* ni "nataka", na hapa Mswahili hahitaji darasa, maana hata kwetu mtoto aliyelelewa hamwambii mtu mzima "nataka", anasema "naomba". Kumwita kwa jina lake la kwanza ni sawa na kuacha shikamoo. Neno *affittare* nalo ni la kuangalia. Kiswahili kinatenganisha kupanga na kupangisha, lakini Kiitaliano kinatumia *affittare* kwa yote mawili. Anayetaka kueleweka bila shaka kuwa ni mpangaji husema *prendere in affitto*.

Yote hayo ni madogo ukilinganisha na *tua*, "chako". Kiitaliano kina "wewe" wa aina mbili. *Tu* ni wa rika, watoto na wa nyumbani. *Lei* ni wa mtu usiyemjua au anayestahili heshima, na neno hilohilo maana yake ya kawaida ni "yeye" wa kike. Kwa hiyo unamwambia mtu uliye naye uso kwa uso kana kwamba unamsema bibi fulani asiyekuwapo, hata kama ni mwanamume mwenye ndevu. Mwaka 1938 serikali ya Kifashisti ya Mussolini iliipiga vita *Lei* na kuamrisha watu watumie *voi*, yaani "ninyi". Utawala ule ulianguka, *Lei* ikabaki.

Barua ya pili ya Neema ilikuja hivi:

*Oggetto: Camera singola in zona Bolognina, da ottobre*

*Gentile Signora Rossi,*

*mi chiamo Neema Juma, sono una studentessa tanzaniana e da ottobre frequenterò la laurea magistrale all'Università di Bologna. Le scrivo in merito al Suo annuncio.*

*Vorrei chiederLe se la camera sia ancora disponibile e se le spese siano comprese nel canone. Potrebbe inoltre dirmi a quanto ammonta il deposito cauzionale e se il contratto verrebbe registrato? Mi servirebbe anche per la domanda di visto.*

*Al momento mi trovo in Tanzania, ma sarei disponibile per una videochiamata negli orari a Lei più comodi.*

*La ringrazio per l'attenzione e Le porgo cordiali saluti.*

*Neema Juma*

Kwa Kiswahili: anajitambulisha, anasema anaandika kuhusu tangazo, anauliza kama chumba bado kipo, kama kodi imejumlisha gharama nyingine, amana ni kiasi gani na kama mkataba utasajiliwa, kwa sababu atauhitaji pia kwenye maombi ya viza. Anajitolea kuonana kwa simu ya video, anashukuru, anaaga.

Ona kisichokuwamo. Hakuna "natumaini u mzima wa afya, hofu ni kwako". Sisi barua bila kujuliana hali tunaiona kavu, lakini mama yule akiulizwa afya na mtu asiyemjua atashangaa anatafutwa nini. Adabu ya barua yao iko kwingine. *Gentile* ndiyo "mheshimiwa" ya kawaida. *Cara*, ambalo kamusi itakupa kwa "mpendwa", ni la watu mnaojuana. Baada ya salamu huwekwa mkato, na mstari unaofuata huanza kwa herufi ndogo. Angekuwa mwanamume ingekuwa *Gentile Signor Rossi*, maana *Signore* hudondosha *e* mbele ya jina.

*Vorrei* na *potrebbe* ni vitenzi vya hali ya masharti, "ningependa" na "ungeweza". Hivyo ndivyo vinavyofanya kazi ya "naomba" yetu. Na zile herufi kubwa katikati ya sentensi, *Le*, *La*, *Suo*, hata ndani ya *chiederLe*, si makosa ya chapa, ni heshima ya maandishi. Siku hizi wengi wanaziacha kwenye baruapepe wala hawaonekani wakorofi.

Mswahili anakwama kwenye *Le* na *La*. Sisi tuna *ku-* moja tu: nakuandikia, nakushukuru. Wao wanatofautisha. Kinachokwenda *kwa* mtu, kama kumwandikia au kumuuliza, huchukua *Le*. Kinachompata moja kwa moja, kama kumshukuru, huchukua *La*. Ukikosea hapo utasamehewa, kila mtu anaona wewe ni mgeni. Kosa linalokera ni kuanza na *Lei* juu, halafu chini ukaandika *la tua camera* au *ti ringrazio*. Kabla ya kutuma, pitia barua ukitafuta *tu, ti, tuo, tua* peke yake.

Lakini tangazo likiwa limewekwa na mwanafunzi anayetafuta mwenzake wa kushea nyumba, *Lei* itamchekesha. Huyo ni *ciao* na *tu* tangu mwanzo.

Kuuliza mambo ya mkataba si utovu wa adabu. Mkataba wa upangaji unaozidi siku 30 lazima usajiliwe kwenye mamlaka ya mapato, *Agenzia delle Entrate*, na wapo wenye nyumba wanaokwepa. *Verrebbe registrato*, "je, ungesajiliwa", ni njia ya kuuliza bila kumtuhumu mtu. Sheria namba 392 ya mwaka 1978 inazuia amana kuzidi kodi ya miezi mitatu, kwa hiyo chumba cha euro 450 hakiwezi kudaiwa amana zaidi ya 1,350. Anayezoea kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo Dar es Salaam ataona nafuu. Ombi la simu ya video nalo lina kazi yake. Matapeli hudai wako nje ya nchi, wakaomba *caparra*, yaani malipo ya kushikia chumba, wakiahidi kutuma ufunguo kwa posta. Kumwomba akuonyeshe chumba kwa simu ni adabu, na ni mtego pia.

Jibu la mama lilikuwa fupi: *Buongiorno Neema, la camera è libera. 420 euro più spese, contratto registrato. Può sentirmi giovedì alle 18?*

Kamwita kwa jina la kwanza, lakini ameandika *può*, si *puoi*. Bado ni *Lei*. Na *più spese* maana yake maji, umeme na gesi viko juu ya zile 420, hivyo Alhamisi swali la kwanza la Neema litakuwa ni kiasi gani kwa mwezi wa Januari, hita zikiwa zinawaka.