Ngozi Ndani ya Kilo 23

Usiku wa kufunga begi, mezani hupangwa vitu vingi kuliko begi linavyoweza kubeba. Mwanafunzi wa Tanga anayehamia Oulu, kaskazini mwa Finland, mwezi Januari, kwa tiketi inayoruhusu begi moja la kilo 23 na mzigo mdogo wa mkononi, ana makoti, viatu, vitabu, viungo vya mama na unga. Pembeni kuna losheni mbili za mililita 400, chupa ya gliserini, kopo kubwa la mafuta ya mgando, mafuta ya nazi ya nyumbani, sabuni sita na jeli ya kuogea. Vikiwekwa kwenye mizani ya jikoni, vitu hivyo vya ngozi peke yake vinapita kilo tatu kwa urahisi.

Kilo tatu ni koti la baridi na viatu vyake. Ndiyo maana inafaa kuuliza ngozi inatumia gramu ngapi hasa, na kwa siku ngapi, kabla mwenye nayo hajafika dukani.

Madaktari wa ngozi wana kipimo rahisi kisichohitaji mizani. Krimu ikikamuliwa kutoka kwenye tyubu, mstari mmoja kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye kiungo cha kwanza, ina uzito wa takriban nusu gramu kwa mtu mzima. Uso na shingo huchukua mistari miwili na nusu. Mkono mmoja huchukua mitatu, kiganja na mgongo wake mmoja, mguu mmoja sita na unyayo miwili. Kifua na tumbo ni saba, mgongo saba mingine. Mwili mzima unafika mistari kama 40, yaani gramu 20 kwa kupaka mara moja.

Hapo ndipo ndoto ya kubeba akiba ya mwaka inapovunjika. Gramu 20 kila siku kwa mwaka ni zaidi ya kilo saba. Hakuna begi la kilo 23 linaloweza kutoa theluthi yake kwa losheni, na hakuna sababu ya kulidai hilo, kwa kuwa Oulu kuna maduka makubwa na maduka ya dawa kama mji wowote. Kinachohitajika ni cha kumvusha msafiri safari yenyewe na siku za kwanza, wakati hajajua basi lipi linakwenda wapi na kadi yake ya benki bado haijakaa sawa. Siku kumi zinatosha.

Tuzihesabu siku hizo kumi. Januari ya Oulu kifua na mgongo viko chini ya tabaka za nguo mchana kutwa, na kwa watu wengi si sehemu zinazopauka kwanza. Zinazopauka ni miguu, mikono, viganja na nyayo: mistari 24, sawa na gramu 12 kwa siku. Kwa siku kumi ni gramu 120. Uso na shingo, asubuhi na jioni, ni gramu mbili na nusu kwa siku, yaani gramu 25. Tyubu moja ya krimu ya uso ya gramu 30 inamaliza kazi hiyo. Ikiongezwa nusu ya kipande cha sabuni na kijiti cha mafuta ya midomo, jumla pamoja na makopo yake haifiki gramu 300. Kutoka kilo tatu hadi hapo, msafiri amerudishiwa koti lake.

Swali la pili ni gramu hizo 120 ziwe za nini. Losheni ya kawaida ni maji kwa sehemu kubwa, mara nyingi kama robo tatu. Maji hayo huifanya iteleze vizuri na kukauka haraka, jambo zuri kwenye joto la Tanga. Lakini anayeibeba analipia kilo za maji kwenda nchi yenye maji bombani. Mafuta ya mgando hayana maji hata tone. Kazi yake ni kufunika: yanazuia karibu maji yote yasivuke kutoka kwenye ngozi, kuliko mafuta mengine mengi ya kupaka. Hivyo njia yenye busara ni kubeba mafuta na kuyachukua maji huko huko. Mtu anaoga kwa maji ya vuguvugu, anajipangusa kwa kugusagusa taulo bila kujisugua, na ngozi ikiwa bado na unyevunyevu anapaka tabaka jembamba. Akipaka juu ya ngozi iliyokwisha kukauka, atafungia ukavu ndani, na atabaki akishangaa kwa nini anang'aa huku anawashwa.

Hewa ya huko inaeleza kwa nini jambo hili lina uzito. Hewa ya nyuzi 15 chini ya sifuri haiwezi kushika zaidi ya gramu moja na nusu hivi ya mvuke kwa mita moja ya ujazo. Ikiingia chumbani na kupashwa moto hadi nyuzi 21, ingeweza kushika gramu 18, lakini maji hayajaongezeka, isipokuwa machache yanayotoka kwenye pumzi za watu, sufuria na nguo zinazoanikwa. Hewa hiyo inavuta maji popote inapoyapata, na ngozi ya mtu aliyezoea pwani ndiyo iliyo karibu. Gliserini pia hubadilika tabia hapo. Huvuta na kushika maji, na kwenye unyevu wa pwani inatosha peke yake. Mahali pakavu inahitaji kuchanganywa na maji kidogo na kufunikwa kwa mafuta. Tena ni nzito: mililita 100 za gliserini ni gramu 126. Kwa siku kumi, iachwe nyumbani.

Mafuta ya nazi ni mepesi na mazuri, ila huyeyuka karibu na nyuzi 24 au 25. Tanga ni maji, Oulu yanaganda kama mshumaa, na katikati ya safari, begi likiwa juani uwanjani, yanatafuta upenyo kwenye mfuniko. Anayeyapenda abebe kidogo katika kopo la mdomo mpana ili ayachote kwa kijiko yakiganda.

Kuvuja kuna sababu ya pili. Ndege ikipaa, shinikizo la hewa ndani yake hupungua hadi kiasi cha robo tatu ya lile la pwani. Hewa iliyobaki ndani ya chupa hutanuka na kusukuma kilicho mbele yake. Chupa iliyojaa nusu ndiyo inayovuja zaidi, kwa sababu ndiyo yenye hewa nyingi. Dawa yake ni kutumia chombo kidogo kilichojaa karibu hadi juu, au tyubu laini iliyokamuliwa hewa yote kabla ya kufungwa. Kifuniko cha kuzungusha ni bora kuliko cha kubofya. Kipande cha nailoni kikitandazwa mdomoni mwa kopo kabla ya kuzungusha mfuniko, husaidia sana. Vyombo vya kioo visipewe nafasi, maana kikopo kinene cha kioo kinaweza kuwa na uzito sawa na krimu iliyomo.

Kuhamisha krimu kwenda chombo kidogo kunataka usafi. Kikopo kioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kikauke kabisa, na krimu ichotwe kwa kijiko safi, si kwa kidole. Mafuta yasiyo na maji hayaozi upesi, lakini chochote chenye maji kisicho na kihifadhi, kama shubiri mbichi iliyosagwa au mchanganyiko wa nyumbani, huharibika ndani ya siku chache. Kikibadilika harufu au rangi, au maji yakijitenga, kitupwe. Krimu ya jua nayo ibaki kwenye chombo chake, kwa kuwa maelekezo na muda wake wa matumizi viko pale.

Je, krimu ya jua inahitajika? Januari ya Oulu jua halipandi juu vya kutosha kudhuru ngozi, na mwenye ngozi nyeusi anaweza kuiacha. Msafiri mwenye ualbino hesabu yake ni nyingine. Kuanzia Machi jua linarudi, na theluji safi inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi yake kuelekea usoni kutokea chini. Huyo abebe krimu yake, iwe ile inayotengenezwa hospitali ya KCMC mjini Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino au nyingine aliyoizoea, hata ikibidi kupunguza kitu kingine begini.

Sheria ya uwanjani inawashangaza wengi kwa jambo moja: mafuta ya mgando huhesabiwa kama kimiminika. Tangu mwaka 2006, baada ya njama ya mabomu ya maji iliyogunduliwa Uingereza, viwanja vingi vinataka kila chombo cha mkononi kisizidi mililita 100, na vyote viingie kwenye mfuko mmoja angavu wa lita moja. Kinachopimwa ni ukubwa wa chombo, hivyo chupa ya mililita 200 iliyobaki robo inachukuliwa. Viwanja vyenye mashine mpya vimeanza kulegeza, ila anayebadilisha ndege anapita viwanja kadhaa, na chenye sheria kali kuliko vyote ndicho kinachoamua. Mwanafunzi wetu agawe mafuta yake kopo mbili: moja la mililita 100 mkononi, linalobeba kama gramu 85 na kumtosha wiki nzima hata begi kubwa likichelewa, na dogo lingine begini. Sabuni ya kipande si kimiminika. Ikauke kwanza, kisha ifungwe kwenye karatasi.

Kuna kitu kimoja ambacho uzito wake si wa gramu. Wapo wanaosafiri na krimu za kung'arisha zenye dawa kali za steroidi, wakati mwingine bila kujua zina nini. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania na Ulaya pia, na kopo linaweza kuishia forodhani. Tatizo kubwa zaidi ni la steroidi: ikitumiwa miezi mingi na kukatishwa ghafla, ngozi huweza kuwaka, kuvimba na kuwasha kwa wiki kadhaa. Aliyekuwa akiitumia amwone daktari wa ngozi wiki chache kabla ya safari, apunguze kwa mpango. Dawa halali ya ukurutu ibebwe kwenye kasha lake, pamoja na karatasi ya daktari.

Huko Finland kenyewe, mgeni atashauriwa kujipaka mafuta mazito usoni ili asigandishwe na baridi. Uchunguzi uliofanywa kwa vijana wa jeshi la nchi hiyo na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kinyume: waliopaka mafuta ya kinga usoni na masikioni waliumizwa na baridi zaidi, si pungufu. Mafuta hulinda unyevu wa ngozi, hayashiki joto. Usoni pavaliwe skafu, masikioni kofia.

Siku kumi zikiisha, duka la dawa lina makopo ya nusu kilo ya krimu nzito isiyo na manukato, kwa ngozi kavu. Yenye gliserini au yurea ya asilimia 5 hadi 10 inashika maji vizuri, ingawa yurea huchoma penye mikwaruzo. Kwa matumizi ya gramu 13 kwa siku, kopo hilo linakaa zaidi ya mwezi.