Nyuzi za Kiondo: GIF, PNG au WebP?

Kiondo cha katani ni mtihani mgumu kwa mtu anayetaka kukikata kutoka kwenye picha yake na kukibandika kwingine, iwe kwenye stika, bango la duka la mtandaoni au fulana. Mwili wake hausumbui, kwa kuwa mpaka wake unaonekana wazi. Kazi ipo mdomoni na kwenye mishono, ambako nyuzi nyembamba kuliko pikseli moja hujitokeza, na ipo chini yake, ambako kivuli hufifia taratibu hadi kutoweka. Pikseli za sehemu hizo zina kiondo kidogo na mandharinyuma kidogo. Zikionyeshwa zote kikamilifu, kiondo huonekana kimekatwa kwa mkasi butu. Zikifutwa zote, nyuzi hupotea na kiondo huelea hewani bila kivuli.

Kwa hiyo faili inapaswa kuweka, kwa kila pikseli, mbali na rangi yake, namba ya nne inayosema pikseli hiyo ionekane kwa kiasi gani. Wachora grafiki huiita alfa. Sifuri maana yake haionekani kabisa, 255 inaonekana kikamilifu, na katikati kuna viwango vyote vya nyuzi na vivuli. JPEG haina nafasi ya namba hiyo, ndiyo maana picha iliyokatwa vizuri ikihifadhiwa kwa JPEG hurudi na mraba mweupe au mweusi nyuma yake. Zinabaki fomati tatu zinazojulikana sana: GIF, PNG na WebP.

Mfano unaozipima vizuri upo kwenye simu za watu wengi. WhatsApp inataka stika iwe faili ya WebP yenye pikseli 512 kwa 512, na stika isiyo na mwendo isizidi kilobaiti 100. Hesabu yake ni fupi. Pikseli 512 mara 512, kila moja ikiwa na namba nne, ni baiti 1,048,576 kabla ya kubanwa. Yaani kiondo chetu, pamoja na nyuzi zake na kivuli chake, kinatakiwa kiingie kwenye nafasi iliyo takriban moja ya kumi ya hiyo.

GIF inashindwa mapema, na sababu imo katika umri wake. Kampuni ya CompuServe iliitoa mwaka 1987, na toleo la 1989 likaongeza uwezo wa kuacha sehemu ya picha wazi. Faili ya GIF hubeba jedwali la rangi zisizozidi 256 kwa kila fremu, na rangi moja tu kati ya hizo inaweza kutangazwa kuwa haionekani. Nusu haipo. Programu inayogeuza kiondo kuwa GIF hulazimika kuhukumu kila pikseli, na kwa kawaida hukata katikati: iliyo chini ya nusu inafutwa, iliyo juu inaonyeshwa yote. Kivuli chenye alfa ya asilimia 30 hutoweka chote. Nyuzi hubaki vipande vipande, na ukingo wa mviringo hugeuka ngazi.

Zamani watengenezaji wa tovuti walikuwa na ujanja wa kuficha ngazi hizo. Walizichanganya kabisa pikseli za ukingoni na rangi ya ukurasa ambao picha ingewekwa, kisha wakahifadhi GIF. Kwenye ukurasa huohuo mchanganyiko ulipendeza. Leo mtu mmoja huisoma skrini ikiwa nyeupe na mwingine ikiwa nyeusi, na ujanja ule huacha utando mweupe kuzunguka picha pale mandhari inapogeuka giza. Kwa picha iliyokatwa yenye kingo laini, GIF haifai tena, na wembamba wa faili yake haulipi hasara hiyo.

PNG ilizaliwa kwa sababu ya ugomvi. Njia ya kubana data iliyotumiwa na GIF ilikuwa na hataza ya kampuni ya Unisys, na mwishoni mwa 1994 ilipotangazwa kwamba waundaji wa programu watadaiwa malipo, kundi la wataalamu liliketi kubuni fomati isiyo na mwenyewe. Mwaka 1996 ikapitishwa rasmi. Walitumia nafasi hiyo kuondoa pia udhaifu wa zamani: PNG kamili hubeba rangi milioni 16 na viwango vyote 256 vya alfa, na haipotezi hata pikseli moja, hata ikifunguliwa na kuhifadhiwa mara mia. Kwa ubora, kiondo kiko salama humo. Kwa ukubwa, hapana. Picha halisi ya kamera, yenye chembe na mabadiliko madogomadogo ya rangi kila mahali, haibaniki vizuri kwa njia isiyopoteza kitu. PNG ya kiondo cha pikseli 512 mara nyingi hufika mamia ya kilobaiti.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita. PNG ina namna ya pili, yenye jedwali la rangi 256 kama GIF, lakini kila rangi jedwalini inaweza kupewa alfa yake. Kahawia nzito, kahawia ya nusu na kahawia ya robo zinaweza kuwa rangi tatu tofauti. Programu ya bure iitwayo pngquant hutengeneza faili za namna hiyo:

```
pngquant --quality=65-85 kiondo.png
```

Matokeo huwa `kiondo-fs8.png`, na kwa kawaida faili hupungua kwa zaidi ya nusu. Gharama yake huonekana kwenye kivuli. Jedwali la rangi 256 linagawanywa kati ya rangi za kiondo na viwango vya kivuli, na kivuli kirefu kinaweza kutokea kama mistari ya ngazi badala ya kufifia taratibu. Kwa nembo yenye rangi nne na kingo laini, kasoro hiyo haionekani na pngquant ni chaguo zuri sana. Kwa picha yenye kivuli, inafaa kuikagua kwa macho kabla ya kuiamini.

WebP ilitangazwa na Google mwaka 2010, na alfa ikaongezwa baadaye. Nguvu yake kwa kazi yetu ni kwamba hutenganisha mambo mawili ambayo PNG huyachukulia sawa. Rangi za kiondo zinaweza kubanwa kwa kupoteza, kama JPEG inavyofanya, kwa kuwa jicho halioni tofauti ndogo kwenye msuko wa katani. Alfa nayo hubanwa peke yake, na kwa mpangilio wa kawaida haipotezi chochote. Ukingo unabaki kama ulivyokatwa huku mwili ukipungua uzito. Amri ni hii:

```
cwebp -q 80 -alpha_q 100 kiondo.png -o kiondo.webp
```

Namba ya kwanza inahusu rangi, ya pili alfa. Kwa picha ya kamera ya pikseli 512, faili kwa kawaida hushuka hadi makumi ya kilobaiti, chini ya kikomo cha stika. Ikizidi, ni heri kuanza kwa kushusha `-q` hadi 70 au 65 na kuiacha alfa ilivyo, kwa kuwa alfa ikiharibiwa jicho huona upesi. Asiyetumia amri atazikuta namba hizohizo kwenye GIMP, kuanzia toleo la 2.10, wakati wa kuhifadhi WebP.

Kuna hali moja ya kuigeuza. Namna ya WebP inayopoteza huhifadhi rangi mara moja kwa kila pikseli nne, na mwangaza tu ndio unaohifadhiwa kwa kila pikseli. Kwenye katani haionekani. Kwenye maandishi mekundu juu ya nyeusi, wekundu huvuja. Kwa nembo na michoro yenye rangi bapa hutumika `-lossless`, na mara nyingi faili hutoka ndogo hata kuliko ile ya kupoteza.

Lakini fomati nzuri haitibu mkato mchafu. Tuseme kiondo kilipigwa picha mbele ya ukuta mweupe. Pikseli ya ukingoni ina nusu kiondo, nusu ukuta. Wekundu wa kiondo ni 120, wa ukuta ni 255, kwa hiyo kamera imeandika takriban 188. Mkataji akiipa pikseli hiyo alfa ya nusu bila kuisafisha rangi, juu ya mandhari nyeusi itaonyesha 94, wakati kiondo safi kingeonyesha 60. Ukingo mzima unang'aa, na watu husema WebP imeharibu picha. Ukuta ndio uliobaki ndani ya rangi.

Dawa ni kuondoa weupe kabla ya kuhifadhi. Photoshop ina `Decontaminate Colors` kwenye `Select and Mask`. GIMP ina `Color to Alpha`, inayofaa hasa kwa kivuli kilicho juu ya nyeupe, kwa kuwa huitoa nyeupe yenyewe na kuacha weusi unaofifia. Kujua kama kazi imekwisha si vigumu: kiondo kiwekwe juu ya tabaka jeusi, kisha jeupe, kisha la kijani kali. Utando mweupe hujitokeza kwenye nyeusi. Kijani hufichua vumbi, yaani pikseli za alfa 2 au 3 zilizosahaulika mbali na kiondo. Vumbi hilo huongeza uzito, kwa kuwa WebP huhifadhi alfa yote kwa uaminifu, uchafu ukiwemo.

Wapo wanaokwepa tatizo zima la kingo kwa kuzungushia stika mstari mweupe. WhatsApp yenyewe inapendekeza mstari wa pikseli 8, ili stika isomeke juu ya mandhari yoyote. Nyuzi zilizo ndani ya mstari hukaa juu ya nyeupe, na weupe uliobaki hauonekani tena. Kivuli tu ndicho huwa kigumu kukipatanisha na mstari huo, na afadhali kiachwe.

Jambo jingine linahusu usiri. Pikseli yenye alfa sifuri bado ina rangi. Kwenye PNG, ukuta, dawati au mtu aliyesimama nyuma ya kiondo anaweza kuwa bado yumo kwenye faili, hajaonyeshwa tu, na mwenye programu inayofaa anaweza kumrudisha. GIMP huuliza wakati wa kuhifadhi: `Save color values from transparent pixels`. Jibu linalofaa ni kuondoa tiki. Amri ya cwebp hubadilisha rangi hizo zilizofichwa bila kuambiwa, ili faili ibanike zaidi, isipokuwa imepewa `-exact`.

Pamoja na hayo yote, PNG haitupwi. Ndiyo nakala mama, kwa kuwa WebP ya kupoteza ikifunguliwa na kuhifadhiwa tena na tena huchakaa kama JPEG. Ndiyo pia ya kumpelekea mchapishaji wa fulana: Photoshop ilianza kufungua WebP bila kiongezo mwaka 2022, toleo la 23.2, na karakana nyingi bado zina matoleo ya nyuma. Kwenye tovuti, Safari ilianza kuonyesha WebP mwaka 2020, toleo la 14, hivyo simu za zamani za Apple bado zinahitaji PNG ya akiba. Na PNG hiyo ikitumwa kwa WhatsApp, itumwe kama hati. Ikitumwa kama picha ya kawaida hugeuzwa JPEG njiani, na mchapishaji hupokea kiondo kikiwa na mraba nyuma yake.