Bei Mpya Ilipotelea Wapi?

Mwenye duka la mtandaoni anashusha bei ya jiko la gesi kutoka shilingi 85,000 hadi 79,000. Kwenye ukurasa wa bidhaa, bei mpya inaonekana. Lakini mteja anayelitafuta jiko hilo kwenye kisanduku cha utafutaji anaendelea kuona 85,000, leo, kesho na hata wiki ijayo. Hakuna seva iliyozimika, wala programu yoyote haijalalamika.

Hali hiyo hutokea kwa sababu duka la aina hii huweka taarifa zake mahali pawili. Bidhaa na bei zake hukaa kwenye hifadhidata kuu, tuseme PostgreSQL, na nakala yake hukaa kwenye mtambo wa utafutaji kama Elasticsearch. Lazima kuwe na kitu kinachohamisha kila badiliko kutoka upande mmoja kwenda wa pili, na kwa haraka. Njia zinazotumika sana ni mbili: kuiuliza hifadhidata kila baada ya muda, au kusoma logi ambayo hifadhidata yenyewe huandika.

Njia ya kwanza ndiyo nyepesi kuanza nayo. Jedwali la bidhaa huongezewa safu ya `updated_at`, inayotunza wakati mstari ulipobadilishwa mara ya mwisho. Programu ndogo huamka kila baada ya sekunde 5, huuliza kilichobadilika tangu wakati wa mwisho iliouona, hupeleka majibu kwenye utafutaji, kisha hulala tena.

```sql
SELECT id, jina, bei, updated_at
FROM bidhaa
WHERE updated_at > '2025-03-03 10:00:03'
ORDER BY updated_at;
```

Kwa mtazamo wa haraka, swali hilo halina kasoro. Kasoro imejificha kwenye miamala. Katika PostgreSQL, `now()` hutoa wakati muamala ulipoanza, si ulipokamilika, na mpaka ukamilike hakuna mwingine anayeweza kuona mabadiliko yake.

Sasa tufuatilie lile jiko. Saa nne kamili asubuhi, yaani 10:00:00 kwenye saa ya seva, unaanza muamala unaobadilisha bei za mamia ya bidhaa kwa mpigo, jiko likiwamo. Kila mstari unagongwa muhuri wa 10:00:00, lakini kazi yote inakamilika 10:00:07. Katikati, mfanyakazi mwingine anabadilisha bei ya sufuria. Muamala wake unaanza 10:00:03 na kukamilika sekunde moja baadaye. Ile programu inaamka 10:00:05. Inaiona sufuria, hailioni jiko, na inaweka alama yake kwenye 10:00:03. Ikiamka tena 10:00:10, inauliza yaliyobadilika baada ya 10:00:03. Jiko lina muhuri wa 10:00:00, kwa hiyo limeachwa nyuma. Halitachukuliwa mpaka siku litakapoguswa tena.

Kutumia saa ya wakati halisi wa kuandika hakuliondoi tatizo, maana kuandika bado hutangulia kukamilika. Dawa inayotumika ni kurudi nyuma kidogo: kila mara programu isome upya dakika kadhaa zilizopita, na upande wa utafutaji uandike juu ya kilichopo kwa kufuata `id`, ili kurudia kusilete madhara. Muda huo wa kurudi nyuma lazima uuzidi muamala mrefu kuliko yote, jambo ambalo si rahisi kuliahidi.

Kuna mengine mawili ambayo njia hii haiyaoni kabisa. Mstari uliofutwa haupo tena, hivyo hauwezi kujitokeza kwenye majibu. Ndiyo maana wengi huacha kufuta na badala yake huweka alama kwamba bidhaa imeondolewa. Vilevile oda ikitoka "imelipwa" kwenda "imefungashwa" hadi "imetumwa" ndani ya sekunde 5, programu itaona hatua ya mwisho peke yake. Na kuuliza kila sekunde 5 ni maswali 17,280 kwa siku kwa jedwali moja, hata siku ambayo hakuna kilichobadilika.

Njia ya pili huacha jedwali na kwenda kwenye daftari. PostgreSQL huandika kila badiliko kwenye logi iitwayo WAL kabla ya kulihesabu kuwa limekamilika, ili umeme ukikatika iweze kurejea pale ilipokuwa. MySQL nayo ina binlog. Tangu toleo la 9.4 la mwaka 2014, PostgreSQL inaweza kuitafsiri WAL iwe orodha ya mabadiliko inayosomeka na programu nyingine. Debezium ni mojawapo ya programu zinazosoma logi hizo, na mara nyingi huyapitisha mabadiliko kwenye Kafka.

Hapa jiko halipotei. Mabadiliko hutoka kwa mpangilio wa kukamilika kwa miamala: sufuria kwanza, jiko baadaye, kila moja mara tu linapokamilika. Kufuta huonekana, na hatua zote tatu za oda huonekana. Kwa kawaida ucheleweshaji hushuka chini ya sekunde moja.

Gharama yake iko kwenye diski. Msomaji huwekewa sloti, yaani alama ndani ya hifadhidata inayoonyesha amefika wapi, na PostgreSQL haifuti WAL ambayo sloti bado inaihitaji. Tuseme duka linaandika GB 2 za WAL kwa saa na diski ina nafasi ya GB 100. Msomaji akikwama Ijumaa saa kumi na mbili jioni bila mtu kujua, baada ya saa 50 diski inajaa. Hiyo ni Jumapili saa mbili usiku, na PostgreSQL ikikosa pa kuandikia WAL husimama. Kosa la mtambo wa pembeni limeliangusha duka zima.

Hata msomaji mzima anaweza kuleta balaa hilo. WAL ni moja kwa seva nzima, ilhali sloti hufuata hifadhidata moja. Iwapo hifadhidata inayofuatwa imetulia na jirani yake kwenye seva hiyohiyo ina shughuli nyingi, msomaji hapati jipya la kukiri na sloti inaganda huku WAL ikirundikana. Debezium ina mpangilio wa `heartbeat.action.query`, unaoandika mstari mdogo kila baada ya muda ili sloti isogee. Mlundikano wenyewe hupimwa hivi:

```sql
SELECT slot_name, active,
  pg_size_pretty(pg_wal_lsn_diff(
    pg_current_wal_lsn(), restart_lsn))
FROM pg_replication_slots;
```

Toleo la 13, la mwaka 2020, liliongeza `max_slot_wal_keep_size`, kikomo cha WAL ambayo sloti inaruhusiwa kuishikilia. Kikipitwa, hifadhidata inabaki hai lakini sloti hubatilika, na nakala ya utafutaji hulazimika kujengwa upya kuanzia mstari wa kwanza. Kikomo hicho hakijawekwa mpaka msimamizi akiweke mwenyewe.

Kwa hiyo ripoti inayosomwa kila asubuhi, kwenye jedwali ambalo mistari yake haifutwi, inatosha kuulizwa kila saa kwa kurudi nyuma kidogo. Duka ambalo bei ya zamani haiwezi kukaa hata dakika moja kwenye utafutaji litahitaji logi, pamoja na mtu wa kupokea onyo mlundikano wa sloti unapovuka, kwa diski ile ya GB 100, GB 20: hapo bado zimebaki saa 40 za kurekebisha.