Alizeti, Mawese au Zeituni: Yapi ya Kukaangia Nyumbani?

Mafuta ya kupimiwa dukani, yale ya njano mpauko yanayotoka kwenye dumu la lita 20 na kuingia kwenye chupa ya mteja kwa robo lita, mara nyingi ni ya mchikichi. Yametoka Malaysia au Indonesia, yakasafishwa mpaka wekundu na harufu ya mawese vikaisha, kisha ikachukuliwa ile sehemu isiyoganda kirahisi. Ni ndugu wa mawese ya Kigoma, ingawa kwa macho huwezi kuwahusisha. Kwenye rafu jirani kuna alizeti, ya kiwandani au iliyokamuliwa Singida, ambayo kwa kawaida ina bei juu zaidi. Halafu kuna zeituni, kwenye chupa ndogo ya kioo cheusi, na pesa ya nusu lita yake inaweza kukununulia lita kadhaa za yale ya kupima.

Anayetafuta mafuta mepesi kwa maana ya yasiyonenepesha asihangaike. Kijiko kikubwa kimoja cha yoyote kati ya haya kina takriban kalori 120. Yanachotofautiana ni aina ya mafuta yaliyomo ndani, na hapo tofauti ni kubwa. Mafuta ya mchikichi karibu nusu yake ni yale yanayoganda, ambayo mtu akiyala kwa wingi yanampandishia lehemu mbaya kwenye damu, ile inayoziba mishipa ya moyo. Kwenye alizeti sehemu hiyo ni kama asilimia 11, na kwenye zeituni kama asilimia 14.

Chukua sahani ya chipsi ya gramu 300. Viazi vya kukaanga hunywa mafuta mengi, kwa hiyo tukadirie kwamba sahani hiyo imebeba gramu 40. Zikiwa za mchikichi, mlaji amepata gramu 18 hivi za mafuta yanayoganda. Zikiwa za alizeti, amepata kama nne na nusu. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mafuta ya namna hiyo yasizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula, na kwa mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku hiyo ni kama gramu 22. Chipsi hizo za mchikichi peke yake zimekaribia kumaliza fungu la siku nzima, na bado hajagusa nyama wala maziwa.

Kwamba jambo hili linaonekana kwenye damu za watu, Mauritius ni ushahidi. Mwaka 1987 serikali ya kisiwa hicho ilibadilisha mafuta ya mgao, ambayo mengi yalikuwa ya mchikichi, ikaleta ya soya, ambayo kwa tabia yanakaribiana na alizeti. Miaka mitano baadaye wastani wa lehemu kwa watu wazima ulikuwa umeshuka kutoka 5.5 hadi 4.7, kwa milimoli kwa lita. Kulikuwa na kampeni nyingine za afya wakati huohuo, lakini watafiti waliona kwamba mabadiliko ya mafuta ndiyo yaliyochangia sehemu kubwa.

Kwa hesabu hiyo alizeti imeshashinda, lakini moto una maneno yake. Kile kinachoifanya alizeti iwe rafiki wa moyo ndicho kinachoifanya iwe dhaifu kwenye karai. Mafuta yake mengi ni ya aina inayoshambuliwa upesi na hewa na joto. Yakikaa motoni muda mrefu, yakapoa, yakarudishwa tena kesho na keshokutwa, yanavunjika na kuzaa vitu vyenye madhara mwilini. Mafuta ya mchikichi yanavumilia zaidi. Muuza chipsi anayekaanga kuanzia saa nne asubuhi mpaka usiku hayachagui kwa sababu ya bei tu. Alizeti ya kawaida ingemharibikia mapema.

Nchi kadhaa za Ulaya zimeweka sheria kwamba mafuta ya biashara yamwagwe pale takriban robo yake inapokuwa imeharibika, na wana vipimo vya kuchovya. Nyumbani kipimo ni macho na pua. Mafuta yaliyochoka hutoa povu dogodogo lisilotulia hata chakula kikishatolewa. Huwa mazito, yanavutika kwenye kijiko, yanaacha utando wa kunata kwenye kingo za karai, na huanza kufuka moshi kabla hayajapata moto wa kutosha. Yakifika hapo, kuyachuja au kuyaongezea mapya hakusaidii.

Zeituni inasingiziwa kwamba haifai kukaangia. Joto la kukaangia ni kama nyuzi 170 hadi 180, na zeituni nzuri isiyosafishwa huanza kufuka kwenye nyuzi 190 au zaidi. Hispania wanakaangia zeituni na alizeti tangu zamani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliofuatilia Wahispania zaidi ya 40,000 kwa miaka 11, haukuona kwamba waliokula zaidi vyakula vya kukaanga walipata ugonjwa wa moyo kuliko wenzao. Ila watu hao hawana desturi ya kurudia mafuta yaleyale mara nyingi, na hilo msomaji wa kwetu asilipite haraka.

Kikwazo cha zeituni ni pesa. Ukame wa 2022 na 2023 huko Hispania ulipandisha bei dunia nzima, na hata mwaka wa kawaida haijawahi kuwa rahisi kwetu. Zaidi ya hapo, ule uchungu mtamu na harufu ya majani mabichi unayoilipia huondoka kwenye moto mkali. Kuijaza karai ni kuchoma fedha. Nyunyiza kwenye kachumbari, au kwenye maharage yaliyokwisha iva.

Kwa ladha, mawese mekundu hayana mpinzani pale yanapostahili: mgebuka wa Kigoma, maharage, sombe ya Kongo. Rangi ile ni lishe pia, kwani mwili huigeuza kuwa vitamini A, ila ukiyaunguza mpaka wekundu ukatoka umeipoteza. Alizeti iliyokamuliwa kijijini ina harufu ya mbegu na huumuka povu mwanzoni kwa sababu haijaondolewa utomvu wake. Iache itulie siku chache, mimina ya juu, mashapo yabaki, kisha ikaangie kwa moto wa wastani. Iliyosafishwa haina ladha kubwa, na kwa maandazi au samaki huo ni uzuri.

Dumu la alizeti la barabarani linaweza kuwa limechanganywa na mafuta ya mchikichi, kwa kuwa ni rahisi. Weka kikombe kwenye friji usiku kucha. Ya mchikichi huganda au hutengeneza mawingu meupe mazito; alizeti hubaki kimiminika, pengine na ukungu mwembamba wa nta ukiwa ni ya kijijini. Mchanganyiko mdogo unaweza kukuponyoka. Zeituni nayo huganda, kwa hiyo kipimo hiki hakiifai.

Kwa nyumba ya kawaida mimi nachagua alizeti, na kwa kidogo. Kitunguu, mayai na mboga vinahitaji vijiko viwili tu visivyorudiwa. Siku ya kukaanga samaki, tumia karai dogo lenye kina ili mafuta yasiwe mengi. Tupia kipande cha kitunguu: kikitoa mapovu papo hapo bila kuungua, moto umefika, ukiona moshi, punguza. Ukimaliza, chuja mafuta yakiwa yamepoa, yafunike vizuri kwenye chupa mbali na mwanga, uyatumie mara moja au mbili zaidi ndani ya siku chache, kisha yamwage.